Nilivyochagua kati ya simu ya "8GB (4+4) + 256GB" na ya "6GB + 128GB"

Simu niliyokuwa natumia ilikuwa na RAM GB 3 na storeji GB 32, na nilipoanza kutafuta nyingine nikabaki na mbili za kuchagua. Moja imeandikwa 8GB (4+4) + 256GB, ya pili imeandikwa 6GB + 128GB, bei hazijapishana sana. Ukiziangalia harakaharaka ya kwanza imeshinda kila kitu, nane ni kubwa kuliko sita na 256 ni mara mbili ya 128. Mi nikachukua ya pili. Naeleza hapa nilifikaje huko, maana naona watu wengi wanauliza hii kitu alafu wanajibiwa "chukua yenye GB nyingi", na hilo jibu halimsaidii mtu kabisa, GB za nini?

Kwenye speki, namba ndogo ndo RAM na kubwa ndo storeji, na kuna karatasi zingine storeji wameiandika ROM, ni ileile usihangaike nayo. Zote zinapimwa kwa GB ila kazi zake ni mbili tofauti kabisa. Storeji ndiko vitu vinakokaa, picha, video, miziki, apu zenyewe pamoja na mfumo mzima wa simu, ukizima simu leo ukaiwasha wiki ijayo unavikuta vyote. RAM ni pale vitu vinapofanyiwa kazi wakati simu imewaka, ukizima inafutika yote. Yani ukigusa WhatsApp, simu inaichukua kutoka storeji inaipakia kwenye RAM ndo inafunguka, na ukihamia kwenye kamera WhatsApp inabaki palepale kwenye RAM, kwa hiyo ukirudi unaikuta pale ulipoiachia bila kusubiri. Sasa nafasi ikibana, Android inaangalia apu ambayo hujaigusa muda mrefu inaifunga kimyakimya bila kukuuliza, ukiirudia inaanza upya kama ndo unaifungua mara ya kwanza.

Hiyo sentensi ya mwisho ndo iliyonionyesha shida ya simu yangu iko wapi. Nilikuwa najaza fomu kwenye brauza, nimeandika majina, tarehe, kila kitu, nafika sehemu ya kuweka picha ya kitambulisho, nafungua kamera napiga, narudi kwenye brauza nakuta ukurasa unajipakia upya na fomu iko tupu. Mtu angeweza kudhani ni mtandao. Nikafanya jaribio dogo ambalo yeyote anaweza kulifanya kwenye simu yake: fungua ukurasa kwenye brauza uandike maneno kidogo mahali pa kuandikia, nenda kamera upige picha, nenda WhatsApp, kisha rudi kwenye brauza. Ukikuta maneno yako yapo, RAM inatosha kwa matumizi hayo. Ukikuta ukurasa umeanza upya kila unaporudia hilo jaribio, RAM ndo imebana. Dalili nyingine za familia hiyohiyo ni muziki kukatika ukifungua kitu kizito, na kibodi kuchelewa kutokea unapotaka kuandika.

Kisha nikaangalia storeji, Settings alafu Storage, nikakuta kati ya GB 32 zimetumika 21 hivi, bado nina nafasi ya kutosha. Kwa hiyo hata ningefuta picha zote nilizonazo ile fomu ingeendelea kufutika tu. Nikataka pia kuona RAM kwa namba. Simu nyingi za Android unaingia About phone, unagonga Build number mara 7 mfululizo mpaka ikuambie umekuwa msanidi, kisha unatafuta Developer options na ndani yake kuna Memory, inakuonyesha wastani wa RAM iliyotumika kwa masaa yaliyopita. Yangu ilikuwa inakaa karibu na kujaa muda wote. Ila hapa tuwe makini, namba kubwa peke yake sio ugonjwa, Android inapenda kuacha apu kwenye RAM makusudi ili zifunguke haraka, kwa hiyo isome hiyo namba pamoja na lile jaribio la brauza. Na ndo maana zile apu za kusafisha RAM sizipendi, zinafunga vitu ambavyo simu ilivitunza kwa sababu, ukivihitaji vinaanza upya kutoka storeji, muda unaongezeka na chaji inaliwa.

Wakati huohuo mdogo wangu wa kike akaniambia, "Kaka, simu yangu imekuwa nzito sana, nadhani RAM imeisha." Yake ina storeji GB 64 na nilipofungua Storage nikakuta imebaki chini ya GB 1. Kumuuliza vizuri, kamera inakatalia katikati ya kurekodi, video za WhatsApp hazishuki, na apdeti inagoma. Hizo zote ni dalili za storeji. Uzito nao ulitokana na storeji hiyohiyo, kwa sababu mfumo unahitaji nafasi ya kuandika mafaili yake ya muda kila wakati, na hizi memori za simu zikikaribia kujaa kasi ya kuandika inashuka. Tukahamishia video zake kwenye kompyuta, simu ikarudi kuwa nyepesi. Kwa hiyo watu wawili wote wanasema "simu nzito", mmoja anahitaji RAM mwingine anahitaji nafasi, na karatasi ya speki haiwezi kukujulia hilo, lazima uanzie kwenye simu uliyonayo mkononi.

Sasa twende kwenye ile 4+4. Hiyo nne ya pili sio RAM. Ni kipande cha storeji ambacho simu imejikatia ikakipa kazi ya kuisaidia RAM, kwa hiyo kwenye zile GB 256 nne zimeenda huko. Kwenye simu utaikuta kwa majina tofautitofauti, RAM Plus, Extended RAM, Memory Extension, na kwenye tangazo mara nyingi inakuwa na kinyota, ukishuka chini kabisa kuna maandishi madogo yanayoeleza. Inavyofanya kazi ni kwamba apu iliyolala nyuma, vitu vyake vinahamishiwa kwenye kile kipande badala ya apu kufungwa kabisa, ukiirudia vinarudishwa kwenye RAM. Kuna faida kidogo hapo, siwezi kusema ni uongo mtupu, apu inaweza ikakukumbuka ulipoishia. Tatizo ni kasi. RAM ya simu inapitisha GB nyingi kwa sekunde, wakati storeji ya aina ya eMMC, ambayo iko kwenye simu nyingi za bei ya chini, inasoma MB mia kadhaa tu kwa sekunde, na vikiwa vipande vidogovidogo vilivyotawanyika ndo inashuka zaidi. Kwa hiyo apu unayoitumia sasa hivi ikihitaji RAM zaidi, ile nne ya kuongezea haiwezi kuwa mbadala, utaona simu inaganda kidogo huku inahamisha vitu huku na kule.

Kwa hiyo ulinganisho wangu wa kweli ulikuwa 4 kwa 6. Na hapo kuna hesabu nyingine ambayo watu hawaifanyi: mfumo wenyewe na huduma zake unakula kama GB 2 hivi kabla hujagusa apu hata moja, inategemea na simu. Ukitoa hiyo, ile ya nne inakuachia kama mbili, ya sita inakuachia kama nne. Kwenye karatasi, ile ya sita imezidi kwa nusu tu, kwenye matumizi nafasi ya apu zangu imekuwa karibu mara mbili. Ndo maana kutoka 4 kwenda 6 unakuhisi kabisa mkononi.

Upande wa storeji nilijiuliza kama 128 itanitosha. Simu mpya inakuja ikiwa imeshajaa GB 15 mpaka 20 na zaidi za mfumo, tuseme nabaki na mia na kitu. Kinachojaza simu kwa kasi ni video, ya 1080p inakula kama MB 120 hivi kwa dakika, saa zima ni GB 7 na kidogo, na mi sio mtu wa kurekodi sana. Miaka yote niliyotumia simu ya GB 32 sijawahi kuijaza, kwa hiyo 128 kwangu ni nyingi. Lakini kilichonifanya nisisite ni kitu kingine: ile simu ina sehemu ya memori kadi, na hata isingekuwa nayo ningeweza kuhamisha mafaili kwenye kompyuta. RAM huwezi. Imegandishwa kwenye bodi, uliyonunua ndo hiyo mpaka simu inakufa. Ila usiitegemee kadi kwa kila kitu, picha na video zinakaa vizuri ila apu nyingi zitabaki ndani ya simu, kwa hiyo mtu wa magemu makubwa asichukue storeji ndogo akitumaini kadi itamwokoa. Na mdogo wangu, ambaye anarekodi kila siku, nilimwambia wazi kwamba yeye ile ya 256 inamfaa kuliko hii yangu, alimradi ajue RAM yake ni nne.

Kitu kingine nilichokitazama kwenye karatasi ni aina ya storeji, hiyo wengi wanairuka. Ile ya kwanza ilikuwa eMMC 5.1, hii yangu UFS 2.2, ambayo inasoma kwa kasi mara kadhaa zaidi. Inaonekana pale simu inapowaka na apu inapofunguka kwa mara ya kwanza. Kama karatasi haijataja aina kabisa, muulize muuzaji au itafute simu hiyo kwa jina lake kamili la modeli.

Kabla sijalipa niliomba niishike nikaingia About phone. Pale RAM ilisomeka 6.00 GB + 4.00 GB maana na yenyewe inakuja na kile kipande cha kuazima, namba ya kwanza ndo RAM halisi, hiyo ndo ya kulinganisha na kilichoandikwa kwenye boksi. Nilipofika nyumbani nikakizima kwenye setingi, simu ikajiwasha upya, nikarudia lile jaribio la brauza, kamera, WhatsApp, nikaongeza na ramani na muziki juu yake. Kurudi kwenye brauza maneno niliyoandika yapo, na nimeiacha imezimwa hivohivo mpaka leo.