Siku moja na kompyuta ya gemu ya dogo mmoja: kufuta diski, leseni, mpaka bei

Kazi yangu ni kuuza kompyuta zilizotumika, napokea mashine ya mtu, naisafisha, naiuza, nabaki na kamisheni. Leo nawasimulia siku moja tu, maana hiyo siku ilikuwa na kila kitu.

Saa 2 asubuhi
Dogo kaingia na kompyuta yake ya gemu, ndani ina SSD ya NVMe ya TB 1 na hadi diski ya zamani ya TB 2. Kabla hajakaa kaniambia "bro nimeshafomati kila kitu, we tangaza tu." Nikamuuliza umefomati vipi, kasema ile ya haraka, sekunde kadhaa imeisha. Nikamwomba ruhusa nimuonyeshe kitu, akakubali, nikachomeka hadi diski yake kwenye mashine yangu nikawasha programu inaitwa PhotoRec. Dakika kumi hazijaisha picha zimeanza kumwagika, za familia, picha ya kitambulisho chake mbele na nyuma, mpaka barua ya kazi. Dogo kanyamaza kabisa.

Sababu ni kwamba fomati ya haraka inafuta ile orodha tu inayosema faili gani liko wapi, faili zenyewe zinabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. PhotoRec haihitaji hiyo orodha, inapita diski nzima ikitafuta alama za mwanzo wa picha au dokumenti, ndo maana inazileta bila majina, unapata vitu kama f0182736.jpg. Humo humo dogo akaona picha alizodhani kazipoteza zamani, tukazihamishia kwenye flashi yake kwanza.

Saa 3 kasoro
Leseni kabla ya kufuta, usigeuze huo mpangilio, ukishafuta huna tena pa kuangalia. Kumbe SSD yenyewe hakuifomati, Windows yake ilikuwa bado inawaka humo, nikaandika:

```
slmgr /dli
slmgr /xpr
```

Ya kwanza inakuambia leseni ni ya aina gani. Ukiona OEM_DM, ufunguo umekaa kwenye madabodi yenyewe, unaenda na mashine na mnunuzi ana haki nao. Ukiona RETAIL ni wako, unaweza kuuhamishia mashine nyingine lakini hauwezi kukaa kwenye mbili kwa wakati mmoja, kwahiyo ukiuchukua usimwambie mnunuzi kwamba Windows ipo. Ya dogo ikatoka VOLUME_KMSCLIENT, na amri ya pili ikaonyesha tarehe ya kuisha. Hiyo ni leseni ya mashirika, uanzishaji wake unadumu siku 180 halafu unatakiwa kuhuishwa na seva ya shirika husika. Yeye aliununua ufunguo kwa bei ya kutupa kwa mtu wa mtandaoni na aliamini ni halali, namuelewa kabisa, ila sio mali yake kuuza. Tukakubaliana tangazo litasema wazi: haina leseni ya Windows.

Akataka basi aache akaunti yake ya Steam yenye gemu zote ili bei ipande. Hapana. Masharti ya Steam hayaruhusu kuuza akaunti, na hata mnunuzi anakuwa hana uhakika maana siku yoyote mwenyewe anaweza kuirudisha kwa barua pepe yake. Akatoka kwenye akaunti zote hapo hapo mbele yangu.

Saa 3 na nusu
Hadi diski naifutia kwenye mashine yangu kwa diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski. Hapa mikono inatakiwa kutulia, ukichagua namba siyo yako unafuta diski yako mwenyewe, mimi naangalia ukubwa wa diski mara mbili ndo nabonyeza.

```
list disk
select disk 2
clean all
```

Neno `all` ndo lenye kazi, linaandika sifuri diski nzima, `clean` peke yake inaondoa mpangilio wa juu tu. Mara moja inatosha, habari za kupitisha mara saba ni za diski za enzi hizo. TB 2 inachukua karibu saa nne, ukiona imeisha kwa dakika mbili jua hujafuta kitu.

SSD nayo ni habari nyingine, na hapa ndo wengi wanakosea, wanaandika sifuri juu ya SSD wakidhani ni sawa na hadi diski. SSD inahamisha hamisha data ili seli zisichakae upande mmoja, na ina nafasi ya akiba ambayo kompyuta yako haiioni kabisa, kwahiyo unaweza kujaza sifuri mpaka mwisho na vipande vya zamani vikabaki huko nyuma. Inatakiwa uiambie SSD yenyewe ijifute. Niliwasha mashine ya dogo kwa flashi ya Linux:

```
sudo nvme list
sudo nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1
sudo cmp /dev/nvme0n1 /dev/zero
```

Ya pili iliisha kwa sekunde chache. Ya tatu inasoma diski nzima, ikisema EOF maana yake imekuta sifuri mpaka mwisho. Ila hiyo sifuri peke yake sio ushahidi kamili, SSD inaweza kuonyesha sifuri hata kwa sehemu iliyoambiwa tu kwamba haitumiki tena, cha kutegemea ni ile amri ya `format` kupita bila kosa. Madabodi nyingi za gemu zina kitu hicho hicho kwenye BIOS, kinaitwa Secure Erase, kama hupendi kuandika amri.

Saa 8 mchana
Bei, na hapa tulibishana kweli. Dogo alijumlisha alivyonunua vyote, tuseme jumla ni 100, akataka 70. Kadi ya grafiki peke yake ilimgharimu 45 kwahiyo anaona 30 ni huruma. Nikamwonyesha kwamba kadi mpya ya leo yenye nguvu sawa na yake inauzwa 30, tena na waranti. Nani atanunua iliyotumika kwa bei hiyo hiyo? Tukaweka 20. Prosesa 8, madabodi 5, RAM 4, SSD 3, pawa saplai 3 kwa sababu ina miaka mitano na mnunuzi mwenye akili atataka kuibadilisha, kesi na kipoza 2. Jumla 45. Hadi diski tukaitoa bure, imeshatembea saa zaidi ya 30,000. Na bei za kulinganisha naangalia zilizouzika, sio zilizotangazwa, tangazo lililokaa miezi miwili halikufundishi bei.

Saa 11 jioni
Mnunuzi ni mama mmoja anamnunulia mwanae. Nikachomeka SSD yangu ya kupimia, nikaendesha gemu nzito nusu saa mbele yao, joto la kadi likasimama nyuzi 74, feni hazilii. Nikamwambia "mama, hii haina leseni ya Windows, utanunua mwenyewe," akauliza ni kiasi gani, akakata hicho kiasi kwenye 45, tukakubali maana ni haki yake. Kisha nikaweka Windows safi kwenye SSD yao nikaizima kwenye skrini ya kwanza ili kijana aingie na akaunti yake mwenyewe.

Saa 2 usiku
Nimeshamtumia dogo hela yake, kanipigia. Sio kuhusu hela. Mwaka jana aliuza laptop yake ya zamani, hadi diski ndani, kaifomati vilevile kwa haraka. Hiyo siwezi kuirudisha. Nimemwambia usiku huu huu abadilishe nywila zote alizokuwa kahifadhi kwenye brauza ya ile laptop, aanze na ya barua pepe.