Tofauti ya bei ya mahindi ilivyonitesa, na nilivyoipatia mahali pake

Mimi ni mhasibu wa kiwanda cha kusaga dona hapa Mbeya. Tulipofungiwa ERP, mfumo wa kompyuta unaounganisha manunuzi, ghala na hesabu, yule mtaalamu aliyetufungia alituambia tutumie gharama ya kupanga, ile wanayoiita standadi: unaweka bei moja ya kilo ya mahindi, na kila unachonunua kinaingia ghalani kwa bei hiyo hata kama umelipa nyingine. Tofauti inakwenda kwenye akaunti yake. Mwezi wa saba, mahindi ya Mbozi yakiwa yamejaa barabarani, tukapanga shilingi 700. Nikamuuliza, tofauti ikikua tunaifanyaje? Akasema, "Dada, iache tu, ni gharama ya mwezi." Ushauri huo bado unanikera.

Januari bei ikafika 950. Akaunti ya tofauti ikavimba kila bili ilipoingia, maana mfumo wetu unaandika tofauti bili inapoingizwa (mfumo mwingine, SAP, huiandika mapema zaidi, mzigo unapopokelewa, kwa bei ya oda). Mkurugenzi akamwita kijana wetu wa manunuzi na kumuuliza hela zinakwenda wapi. Kijana wa watu hakuwa na kosa lolote. Ni bei ya msimu.

Nikaona dawa ni kubadilisha bei ya kupanga. Tarehe 9 Januari nikaandika 950 nikabonyeza hifadhi. Ghalani kulikuwa na kilo 50,000. Papo hapo mfumo ukaongeza thamani ya ghala kwa milioni 12.5 na kuiandika upande wa mapato. Nilishtuka kuona faida imeruka wakati hatujauza hata mfuko. Nikakaa na stakabadhi za mzani hadi usiku. Kilo 20,000 kweli tulizinunua kwa 950, kwa hiyo milioni 5 zilikuwa zinarudisha tu hasara iliyokwisha kuandikwa. Lakini kilo 30,000 zilikuwa za msimu, tulizinunua kwa 700 ileile. Milioni 7.5 zilikuwa faida ya hewa. Na sikuwa nimepiga upya hesabu ya gharama ya unga kutoka kwenye orodha ya malighafi, kwa hiyo kila oda ya kusaga ilitumia mahindi ya 950 ikatoa unga wa bei ya zamani, na tofauti ikahamia kwenye akaunti ya uzalishaji. Nikarudisha kila kitu kabla ya kufunga mwezi.

Mtu atasema, si mngehamia gharama halisi kwa wastani? Tulifikiria. Wastani unabeba bei ya kweli hadi ghalani, ila kwetu bili za wachuuzi huchelewa, mahindi yakiwa yameshasagwa, na tofauti ya kilo zilizokwisha kutoka haina ghala la kuingia, inaangukia kwenye matumizi vilevile. Pia mauzo walihitaji gharama moja ya unga wasiyoibahatisha kila wiki.

Kilichofanya kazi ni hiki. Januari iliisha ghala likiwa tupu. Februari tukanunua kilo 100,000 kwa 950. Ghala lilidebitiwa milioni 70, tofauti ya bei ikadebitiwa milioni 25, mchuuzi akakreditiwa milioni 95. Mwisho wa mwezi nikauliza swali moja: kilo hizo ziko wapi sasa? Kilo 40,000 bado mahindi, 15,000 ziko kwenye unga ambao haujauzwa, 45,000 zimeshauzwa. Nikaigawa milioni 25 hivyohivyo: milioni 10 kwa mahindi, milioni 3.75 kwa unga, milioni 11.25 kwenye gharama ya mauzo. Akaunti ya tofauti ikawa sifuri.

Hizo milioni 13.75 usiziandike kwenye akaunti yenyewe ya ghala, maana mfumo unahesabu ghala kwa kilo mara bei ya kupanga, na ripoti ya ghala haitalingana tena na leja. Nilifungua akaunti ya marekebisho pembeni yake, na tarehe 1 Machi nikageuza ingizo lote la marekebisho hayo ya ghala, kisha mwisho wa Machi nikagawa upya kwa kilo zilizobaki. Na kilichozidi kwa uzembe, kama lori la dharura kwa sababu oda ilichelewa, hakibebwi ghalani. Hicho kinakwenda moja kwa moja kwenye matumizi ya mwezi.

Mkaguzi alipokuja alitaka kujua kitu kimoja: je, bei ya kupanga inakaribia gharama halisi? IAS 2, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mali iliyo ghalani, inairuhusu kwa sharti hilo. Nikampa ule mgawanyo wa Februari, ulioifikisha thamani ya ghala kwenye gharama halisi, kwenye karatasi moja na stakabadhi za mzani. Alichukua kikokotoo, akajumlisha kilo, akasaini. Karatasi hiyohiyo nilimpelekea mkurugenzi, naye akamwita tena kijana wa manunuzi, safari hii kumwomba radhi.