Siku moja maishani mwangu: Jumanne baada ya Mashujaa

Saa kumi na mbili asubuhi niko ofisini, barabara ya Ngong bado haijafungana. Mezani kuna seti mbili za zabuni, asili na nakala, kila moja kurasa 412. Sanduku linafungwa saa tano kamili, na bahasha ya kuchelewa hairuhusiwi kuingia.

Saa moja. Nafungua kurasa moja moja. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka kila ukurasa uwe na nambari, kwa mfululizo. Jana, sikukuu, karani wetu aligundua kwamba barua ya dhamana ya benki ilikuwa imewekwa baada ya ukurasa 187 bila nambari. Alirudia kuanzia 188 hadi mwisho kwa mashine ya mkono, kisha akafanya vivyo hivyo kwenye nakala. Alipomaliza, kidole gumba chake kilikuwa cheusi kwa wino.

Saa tatu tunaondoka na dereva. Saa nne na dakika ishirini bahasha inatumbukia.

Saa tano bei zinasomwa mbele ya wote. Tuko wa pili kwa bei ya chini kati ya sita. Hilo halisemi mengi, maana tathmini yenyewe inaweza kuchukua hadi siku 30, na kwanza wanaangalia kama karatasi zimetimia.

Saa nane nakaa kuwaandikia wenzangu. Ningeweza kungoja matokeo, lakini walichotoa ni sikukuu yao, na hiyo wameshaitoa tushinde tusishinde. Nafuta mara mbili, maana "asanteni kwa kujituma" ingeweza kuandikiwa mtu yeyote. Saa tisa natuma ujumbe huu (majina nimeyaondoa hapa):

"Wenzangu, habari za mchana. Bahasha imeingia saa nne na dakika ishirini. Kabla ya yote: nyongeza ya hati za zabuni iliyobadilisha jedwali la vipimo ilifika Jumatano, mimi nikaifungua Ijumaa jioni. Sikukuu yenu ilikwenda kwa sababu hiyo, na naomba radhi. Mkadiriaji, ulipiga upya hesabu ya vipengele 63 na ukaona jumla kwenye fomu ya zabuni bado ni ya zamani. Tungeipeleka hivyo, tungekuwa na bei mbili ndani ya bahasha moja. Karani, nambari za kurasa nimezikagua zote, hakuna iliyoruka. Mhasibu, uliacha wageni nyumbani ukaja kutafuta cheti cha kodi kilichokuwa kimeisha muda, ukapakua kipya. Malipo ya jana ni maradufu, yataingia na mshahara wa mwezi huu. Ijumaa hii msije kazini, simu nitazipokea mimi. Kuanzia leo, nyongeza zote zitafika pia kwa karani na mkadiriaji, zisikae kwangu peke yangu."

Saa kumi mhasibu ananijibu pembeni: "Mama mkwe alikuwa ameuliza ni kazi gani hiyo ya sikukuu. Nimemsomea."