Kilichotoka dukani kwenda nyumbani, na nilichotia mwenyewe: nnavyoandika hesabu za duka langu Pemba

Nna duka la vyakula hapa Wete, mchele, unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, na friza moja la maji na juisi. Duka ni langu peke yangu, si kampuni, hamna mshirika, yaani mbele ya sheria mimi na duka ni kitu kimoja, deni la duka ni deni langu na faida ya duka ni faida yangu. Lakini kwenye daftari lazima tuwe wawili, na hapo ndipo penye kazi, maana mkono unaotia pesa kwenye mtoto wa meza ndio huohuo unaochukua pesa ya samaki.

Nilipofungua nilitaka kujua kitu kimoja tu: duka linatulisha au sisi tunalila? Mauzo hayakwambii hilo. Unaweza kuuza vizuri mwaka mzima na rafu zinapungua kidogokidogo, au rafu zikajaa ukafurahi kumbe zimejazwa na pesa iliyotoka nje ya biashara.

Basi nikanunua daftari kubwa, mauzo na matumizi ya duka yana kurasa zao kama kawaida, halafu kurasa za nyuma nikapiga mistari, tarehe, maelezo, na safu mbili za pesa, moja nikaandika NIMECHUKUA na nyengine NIMETIA. Kila kinachotoka dukani kuja kwangu mimi au kwa watu wa nyumbani kwangu kinaingia NIMECHUKUA, hakiingii kwenye matumizi ya duka hata siku moja. Matumizi ya duka ni kodi ya fremu, mshahara wa msaidizi, mifuko, nauli ya mzigo kutoka Unguja, leseni. Ada ya skuli ya mwanangu sio matumizi ya duka hata kama imelipwa kwa pesa ya mauzo ya asubuhi hiyohiyo. Na pesa nnayojilipa mwenyewe kila mwezi nayo wengi wanaiandika mshahara, mimi siiandiki hivyo, mwenye duka kama langu hajiajiri, anachochukua ni sehemu ya faida yake au ya mtaji wake, kwa hiyo inakwenda NIMECHUKUA.

Pesa taslimu ni rahisi, tabu ipo kwenye bidhaa. Mtoto anatumwa, anaingia dukani anabeba kilo mbili za mchele na chupa ya mafuta anatoka, nani anaandika? Nilikaa na binti anayenisaidia nikamwambia, "Mwanangu, hata mimi mwenyewe nikibeba kiberiti andika."

Akacheka, akasema, "Sasa shangazi ntakuandika wewe deni?"

Nikamwambia si deni, mimi silipi, andika tu kwamba nimechukua. Kwa sababu usipoandika, mwisho wa mwezi ukihesabu mali na kulinganisha na mauzo kuna vitu havionekani, na wa kwanza kushukiwa ni yeye. Tangu tuanze kuandika, kikikosekana kitu najua kweli kimekosekana, hakikuliwa kwangu.

Na bidhaa naandika kwa bei niliyonunulia, sio bei ya kuuzia. Mchele kilo nimeununua 2,000 nauza 2,300, nikipeleka kilo kumi nyumbani naandika 20,000. Nikiandika 23,000 na kuihesabu kama mauzo nimejitengenezea faida ya 3,000 kutoka mfukoni mwangu mwenyewe, faida ambayo haipo. Zakatul fitri nayo ni hivyohivyo, mchele wa watu wa nyumbani kwangu ukitoka kwenye polo la dukani ni wangu mimi, unakwenda NIMECHUKUA kwa bei ya kununulia. Futari nnayopeleka msikitini vilevile, hiyo ni sadaka yangu, duka halina sadaka. Chakula cha mchana cha msaidizi ni jambo jengine, tulikubaliana tangu mwanzo kwamba ni sehemu ya ujira wake, hicho ni matumizi ya duka.

Kuna vitu vya nusu kwa nusu. Mita yetu ya umeme ni moja, duka liko mbele na sisi tunakaa nyuma. Tukuza ya 60,000 kwa mwezi siwezi kuibebesha duka yote. Friza ndilo linalokula umeme zaidi, kwa hiyo nikaamua duka libebe 40,000 na 20,000 ni ya nyumba, inakwenda NIMECHUKUA. Sio hesabu ya mizani lakini ina msingi wake, na muhimu nikishaamua mgao siubadilishi mwezi kwa mwezi, nikiubadilisha nitakuwa naivuta faida ninavyotaka mimi.

Sasa upande wa NIMETIA. Kaka yangu yuko Maskati, alinitumia 1,500,000 kabla ya Ramadhani ili nijaze duka. Kabla sijaigusa nilimpigia, nikamuuliza, "Kaka hizi nikuandike unanidai au umenipa?"

Akasema, "Zako hizo, tia dukani."

Hilo suala ni zito kuliko linavyosikika, kwa sababu akiwa ananidai ile si mtaji wangu, ni deni, inakaa pamoja na la tajiri wa jumla, na akiwa amenipa ni mtaji niliotia. Ndugu wengi wamekosana kwa pesa ambayo mmoja aliipokea kama zawadi na mwenzake anahesabu mkopo, kwa hiyo nikamtumia na meseji ya maandishi aijibu, nnayo mpaka leo. Halafu kura ya mchezo wetu wa pesa ikaniangukia, nikatia 500,000. Jumla 2,000,000. Ile michango ya mchezo nnayotoa kila wiki kutoka dukani naiandika NIMECHUKUA, kwa hiyo inaporudi ni haki iandikwe NIMETIA.

Cha kuangalia hapa ni pesa hizi zisiingie kwenye mauzo. Zangu zilikuja kwenye simu, nami napokea malipo ya wateja kwenye simu hiyohiyo, ukija kuchapisha taarifa ya miamala unaona fedha zimeingia basi. Sisi wenye maduka madogo kodi ya mapato hupigwa kwenye mauzo ya mwaka, sasa ukikosa karatasi ya kuonesha kwamba ile milioni na nusu haikuwa mauzo nani atakuamini? Siku hizi laini ya duka ni ya duka tu, pesa yangu inaingia kwanza kwenye laini yangu binafsi halafu naihamisha, na siku hiyohiyo naandika kwenye daftari tarehe, kiasi na imetoka wapi.

Na kuna ile ya kulipia jambo la duka kwa pesa ya mfukoni. Mzigo umefika bandarini, niko na pesa yangu, nalipa 35,000 za upakuzi na gari. Hapo naandika pahala pawili, NIMETIA 35,000 na matumizi ya duka 35,000. Nikitaka kujirudishia pesa yangu jioni, basi nakata ule mstari wa NIMETIA kwa kuandika NIMECHUKUA 35,000, yale matumizi yanabaki palepale.

Haya, hesabu yenyewe ya miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka, Ramadhani ikiwemo. Mwanzo nilihesabu bidhaa kwa bei ya kununulia nikapata 6,200,000, pesa taslimu na ya simu 850,000, nnaowadai 450,000, na tajiri wa jumla ananidai 1,000,000. Toa deni, mtaji wangu ni 6,500,000. Mwisho wa mwezi wa tatu nikahesabu tena, bidhaa 7,900,000, pesa 700,000, nnaowadai 900,000, nnadaiwa 1,200,000. Mtaji 8,300,000.

Mtu akiona hivi anasema mashallah, duka limepata 1,800,000. Hapana. Ndani yake mna 2,000,000 niliyotia mimi, bila hiyo mtaji ungekuwa umeshuka 200,000. Lakini na kusema nimepata hasara pia sio, kwa sababu katika hiyo miezi nilichukua pesa taslimu 1,120,000, bidhaa 520,000 na umeme wa nyumba 60,000, jumla 1,700,000. Kwa hiyo:

Faida = mtaji wa mwisho − mtaji wa mwanzo + nilichochukua − nilichotia

Yaani 8,300,000 toa 6,500,000, ongeza 1,700,000, toa 2,000,000, inabaki 1,500,000. Duka limefanya kazi nzuri, nusu milioni kwa mwezi. Ila mimi nimechukua 1,700,000, nimezidisha 200,000 juu ya faida, na hiyo ilitoka kwenye pesa ya kaka na ya mchezo. Nguo za Idd na ada zilianguka mwezi mmoja, nilijua, na nilitaka niione kwa tarakimu.

Ukitaka kuijaribu hesabu, chukulia ile 1,500,000 ya kaka ingekuwa mkopo. Deni lingepanda, mtaji wa mwisho ungekuwa 6,800,000, niliyotia ingebaki 500,000, na faida ni ileile 1,500,000. Ndivyo inavyotakiwa, pesa inayoingia kutoka nje iwe zawadi iwe mkopo haigusi faida, na faida yako ikibadilika kwa sababu hiyo basi pana mstari umekaa pasipo pake.

Kwa robo iliyofuata nikajiwekea 400,000 kwa mwezi, na humo mna pesa, mchele na umeme wa nyumba, vyote. Bidhaa zikifika 150,000 kabla ya mwezi kuisha binti ananiambia, ninayochukua taslimu inapungua.

Kinachobaki ni yale madeni 900,000. Njia hii inayahesabu kama mali, na deni lisilolipika sio mali, kwa hiyo kabla ya kufunga nayapitia jina kwa jina. Ambaye amehama na simu haipatikani namtoa, hiyo ni hasara ya duka na faida inashuka. Lakini kuna jamaa yangu mmoja, mtu mzima, alikuwa na 60,000 nami nilimsamehe kwa hiari yangu kwa sababu ni damu yangu, mteja mwengine nisingemsamehe. Hiyo sikuiandika hasara. Niliitoa kwenye madeni nikaitia NIMECHUKUA, mtaji ukashuka mpaka 8,240,000, nilichochukua kikapanda mpaka 1,760,000, na faida ya duka ikabaki 1,500,000.