Kumfuta mwanachama bila kugusa jedwali la mikopo

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinatumia faili moja ya Excel, na karatasi yake kuu ina majedwali mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu. Kushoto, safu A hadi D, ni majina na michango ya Januari hadi Machi. Safu E ni tupu. Kulia, F hadi H, ni mikopo. Mwanachama wa mstari wa 11 alipojitoa, mweka hazina aliniomba nimwondoe.

Kwenye mstari huohuo, upande wa kulia, palikuwa na mkopo wa mtu mwingine kabisa. Kubofya namba 11 pembeni na kufuta mstari mzima kungeondoka na mkopo huo, tena Excel isingeuliza lolote. Kwa hiyo kwanza niliandika pembeni jumla ya mikopo na idadi ya wakopaji, kisha nikachagua seli A11 hadi D11 tu na kubonyeza `Ctrl` na `-`. Kikatokea kidirisha kinachouliza seli zinazobaki zisogee wapi, nikachagua `Shift cells up`.

Excel ikakataa. Sababu ilikuwa huko chini: mstari wa saini ulikuwa umeunganishwa kuanzia A27 hadi H27, na seli zilizounganishwa haziwezi kupanda nusu. Nikaiachanisha, nikarudia, ikakubali. Baadaye niliiunganisha upya.

Seli zote nne lazima zichaguliwe kwa pamoja. Ukifuta A11 peke yake, majina yatapanda na michango itabaki, na kuanzia hapo kila mtu atasomeka na pesa za mwenzake. `Shift cells left` nayo ingevuta mkopo wa mstari ule hadi chini ya miezi.

Fomula ya jumla ilijirekebisha yenyewe, kutoka

```
=SUM(B4:B23)
```

ikawa

```
=SUM(B4:B22)
```

Jumla ya michango ilipungua kwa kiasi kilekile cha aliyeondoka, na ya mikopo haikubadilika. Hapo ndipo nilipohifadhi faili. Kama ningeona `#REF!` popote, ingemaanisha kuna fomula iliyokuwa ikisoma seli nilizofuta, na ningerudi nyuma kwa `Ctrl` na `Z`.

Safu ya Aprili ilikuwa rahisi. Majedwali yakiwa ubavu kwa ubavu, kuingiza safu nzima kwenye E hakuharibu kitu, mikopo ilisogea kulia yote kwa pamoja. Yangekuwa moja juu ya jingine, mstari mzima ndio ungekuwa salama, na safu nzima ndiyo ingelipasua jedwali la pili.

Mwanachama mpya alipokuja, niliachanisha tena mstari wa saini, nikachagua seli za mstari wa mwisho wenye jina, A22 hadi E22, nikaingiza kwa `Shift cells down`, na fomula ikatanuka hadi B23. Ukiingizia kwenye mstari wa jumla wenyewe, nafasi mpya inakaa nje ya fomula, na mchango wa mgeni unaweza usihesabiwe.