Nywele za mdogo wangu na kitambaa cha kijani: wiki ya tatu

Kwa waliokosa mwanzo: namsimamisha mdogo wangu sebuleni mbele ya kitambaa cha kijani, halafu kwenye video namhamishia Forodhani, Zanzibar, jua likizama. Ana afro kubwa, na hiyo afro imenitesa wiki mbili.

Klipu ya kwanza nilipomwonyesha aliniuliza, "Kaka, mbona nywele zangu zinachemka?" Kweli, kingo zilikuwa zinarukaruka kila fremu. Kosa lilianzia kwenye kurekodi. Nilirekodi 1080p kwa simu, na simu huhifadhi rangi kwa ubahili: kila pikseli nne za mwanga hugawana sampuli moja tu ya rangi. Picha ina pikseli 1920 kwa 1080, lakini ramani ya rangi ni 960 kwa 540. Unywele ulio mwembamba kuliko sampuli hiyo huchanganywa na kijani cha jirani yake, na programu inayotafuta kijani inabaki kubahatisha.

Safari hii nimerekodi 4K na kuipunguza hadi 1080p kabla ya kuondoa kijani. Sampuli za rangi za 4K ni 1920 kwa 1080, kwa hiyo kila pikseli ya mwisho ina rangi yake. Nimezima pia ile huduma ya simu ya kunoa picha, maana huchora mstari wa weupe pembeni mwa kila unywele na mstari huo hautoki tena. Shata nimeiweka 1/100 ya sekunde kwa fremu 25 za kila sekunde, taa za umeme wa hezi 50 zisipepese.

Mdogo wangu amesogea kutoka nusu mita hadi mita mbili mbele ya kitambaa. Sebule ndogo, ikabidi meza itoke nje (mama hakufurahi). Kivuli chake hakiangukii tena ukutani, na kijani kinachoruka kutoka kitambaani na kumpaka mabegani kimepungua sana. Kitambaa kina taa zake mbili, yeye ana yake moja, nyuma kushoto, upande lilipo jua kwenye picha ya Forodhani.

Kijani nakiondoa kwa programu-jalizi ya Keylight. Inatengeneza maski, yaani picha ambayo penye weupe hubaki na penye weusi hutoweka. Zamani nikiona maski chafu kwenye Screen Matte nilikuwa nabana tu: Clip Black 40, Clip White 60, yaani chini ya 40 iwe nyeusi kabisa na juu ya 60 iwe nyeupe kabisa. Mwili ulitoka safi, nywele zikawa kama zimekatwa kwa mkasi. Rangi ya kijivu kwenye maski ndiyo nywele zenyewe. Ukiibana iwe nyeusi au nyeupe, umezinyoa. Sasa naweka tabaka mbili. La chini ni la nywele: Clip Black 8, Clip White siigusi. La juu ni la mwili: nalibana vikali kisha nalirudisha ndani kwa Screen Shrink/Grow hasi, lizibe matundu ya shati bila kufika kingoni.

Kijani kilichobaki kwenye nywele nakiondoa kwa hesabu hii:

```
g = min(g, (r + b) / 2)
```

Nilichukua pikseli moja ya ukingo: nyekundu 92, kijani 141, bluu 70. Wastani wa nyekundu na bluu ni 81, basi kijani kinashuka hadi 81. Rangi imepona, ila pikseli imepoteza 60 za kijani pamoja na mwanga wake, na mbele ya anga ng'avu afro ikavaa duara la giza. Hapo ndipo nilipokwama siku tatu. Dawa ni kurudisha sehemu ya kilichopotea kwa rangi ya anga badala ya kijani. Kwa pikseli ile niliongeza 18 kwenye nyekundu, 11 kwenye kijani na 6 kwenye bluu: 110, 92, 76. Duara likaondoka, na nywele zikaonekana zinapigwa na jua kwa nyuma. Tahadhari: hesabu hii hufifisha pia nguo ya njano au ya kijani, kwa hiyo naizuia isiguse shati.

Kivuli cha miguuni sikuchora. Nilirekodi sakafu ya kijani tupu, kamera ikiwa palepale. Mahali ambapo kijani kilikuwa 0.50 bila mtu, kivulini kilikuwa 0.35. 0.35 gawanya kwa 0.50 ni 0.70, basi sakafu ya Forodhani hapo naizidisha kwa 0.70. Kivuli kinakuja na ulaini wake halisi. Mikunjo nayo inajifuta, kwa sababu ipo kwenye picha zote mbili, mradi mtu asiikanyage ikahama. Alikanyaga. Nimekibandika kitambaa kwa gundi ya karatasi na tumerudia.

Bado kuna tatizo: jua la jioni hutupa kivuli kirefu, na kitambaa changu kinaishia mita moja na nusu mbele ya miguu yake. Kwa sasa namkata magotini na kuonyesha miguu kwenye shoti moja tu. Jumamosi naenda kununua mita tatu zaidi, kama muuzaji bado ana kijani kilekile.