Nilivyoweka karatasi ya kampuni nyuma ya kila ukurasa wa PDF

Ofisi ninayofanyia kazi hapa Dar es Salaam inatoa mizigo bandarini, na kila mwisho wa mwezi tunawatumia wateja taarifa za madeni yao. Zamani tulikuwa na maboksi ya karatasi zilizochapishwa tayari nembo, anwani na mstari wa bluu chini. Unaweka karatasi kwenye printa, unachapa, kazi imekwisha. Wateja walipoanza kutaka kila kitu kwa barua pepe, tukawa tunachapa kwenye karatasi zilezile kisha tunaskani. Maandishi yalikuwa yanafifia, faili zilikuwa nzito, na mteja hakuweza kunakili hata namba ya ankara, kwa sababu alichopata kilikuwa picha tu.

Nilitaka kitu kilekile cha zamani, ila bila printa: karatasi ya kampuni iwe chini, maandishi yakae juu yake. Nilichukua faili la Word lenye karatasi yetu, nikafuta maneno yote ya katikati, nikabakiza kichwa na mstari wa chini, nikahifadhi kama `karatasi.pdf`. Kwenye Ubuntu nikasakinisha `pdftk-java`, kisha nikaandika hivi:

```
pdftk taarifa.pdf background karatasi.pdf output tayari.pdf
```

Amri ya `background` inachukua ukurasa wa kwanza wa `karatasi.pdf` na kuulaza chini ya kila ukurasa wa `taarifa.pdf`. Faili la mwisho lazima lipewe jina jipya, maana pdftk inakataa kuandika juu ya faili inalolisoma. Nilijaribu kwa barua moja ya Word na ikatoka safi, maandishi yote yakiwa bado yanachagulika.

Furaha ilikatika nilipofika kwenye taarifa za madeni zenyewe, ambazo mhasibu wetu huzitengeneza kwa Excel. Aliifungua ya kwanza akaniita: "Kaka, mbona hii haina nembo?" Kweli, ukurasa ulikuwa mweupe kama ulivyoingia. Cha ajabu, ukingoni kabisa chini kulionekana kipande chembamba cha mstari wa bluu. Kipande hicho ndicho kilichonionyesha kwamba karatasi ipo, ila imefunikwa.

Hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifikiria. Ukurasa wa PDF kwa kawaida hauna weupe wowote. Ni kama kioo: kuna herufi na mistari, na palipobaki ni wazi. Weupe tunaouona unawekwa na programu inayotuonyesha faili. Kwa hiyo ukilaza kitu chini yake kinaonekana, mradi hakuna mtu aliyepaka rangi nyeupe juu ya kioo. Ili kuhakikisha, nilibadilisha neno moja tu:

```
pdftk taarifa.pdf stamp karatasi.pdf output jaribio.pdf
```

Tofauti na `background`, amri ya `stamp` inaweka karatasi juu ya maandishi, kama muhuri unavyogongwa. Nembo ikaonekana mara moja. Basi karatasi haikuwa na tatizo, tatizo lilikuwa kwenye taarifa. Nikaifungua kwa LibreOffice Draw, nikabofya sehemu iliyoonekana tupu karibu na kichwa, nikavuta. Kikatoka kipande cheupe cha mstatili. Nikavuta kingine, na kingine. Kila seli ya ile taarifa ilikuwa na mstatili wake mweupe.

Nilipomuuliza mhasibu, alinieleza kwamba miaka yote amekuwa akijaza seli rangi nyeupe ili mistari ya gridi isimsumbue machoni. Kwenye karatasi ya printa rangi hiyo haionekani, maana printa haina wino mweupe. Kwenye PDF ni chokaa kamili. Tulichagua shiti nzima, tukaweka `No Fill`, kisha tukazima mistari ya gridi kwenye `View` kwa kuondoa tiki ya `Gridlines`. Nembo ikatokea. Ugonjwa huohuo nilikuja kuukuta kwenye PDF zinazotengenezwa kutoka kurasa za wavuti, pale CSS inapoweka `background: white`. Dawa yake ni kuuondoa mstari huo. Kwa nyaraka zilizoskaniwa hakuna cha kuondoa, kwa kuwa ukurasa mzima ni picha. Hizo tu ndizo ninazotumia `stamp`, na lazima karatasi ya kampuni yenyewe iwe haijapakwa weupe, la sivyo itafunika maandishi.

Bado kulikuwa na kasoro ambayo wengine hawakuiona lakini mimi ilinikera. Kwenye baadhi ya taarifa mstari wa bluu haukufika kingo za ukurasa. Uliishia kama milimita 9 kabla, kulia na kushoto, na nembo ilikuwa ndogo kidogo. Nikapima kurasa kwa `pdfinfo taarifa.pdf`. Kwenye `Page size` kulikuwa na `612 x 792 pts (letter)`, wakati karatasi yetu ni A4, yaani takriban 595 kwa 842. Letter ni pana zaidi lakini fupi, hivyo pdftk ikaipunguza karatasi yetu hadi asilimia 94 ili urefu uenee, kisha ikaiweka katikati. Haitoi onyo lolote. Kompyuta moja ya ofisi ilikuwa bado imewekwa saizi ya Kimarekani. Tukaibadilisha kwenye mpangilio wa ukurasa wa Excel.

Kilichobaki kilikuwa ukurasa wa pili. Kichwa chetu kina urefu wa milimita 42, na kukirudia kizima kwenye kila ukurasa kunakula nafasi ya mistari mingi ya ankara. Nikatengeneza `karatasi.pdf` yenye kurasa mbili: wa kwanza una kichwa kamili, wa pili una nembo ndogo na mstari wa chini. Badala ya `background` nikatumia `multibackground`, ambayo inalinganisha ukurasa kwa ukurasa, na karatasi zikiisha inarudia ule wa mwisho. Taarifa ya kurasa 7 inapata kichwa kamili mara moja na nembo ndogo mara 6.

Ila Excel inatoa nafasi ileile ya juu kwa kila ukurasa, huwezi kuipa ukurasa wa kwanza zaidi. Tuliweka nafasi ya juu sentimita 2.5, ikatosha kwa nembo ndogo, kisha tukaongeza mstari mmoja mtupu juu kabisa ya shiti wenye kimo cha pointi 72, ambazo ni kama sentimita 2.5 nyingine. Kwa hiyo maandishi ya ukurasa wa kwanza yanaanza milimita 50 kutoka juu, chini ya kichwa kwa nafasi nzuri.

Sasa mhasibu anahifadhi taarifa zote kwenye folda moja, nami naendesha hii:

```
mkdir -p tayari
for f in taarifa/*.pdf; do
  pdftk "$f" multibackground karatasi.pdf \
    output "tayari/$(basename "$f")"
done
```

Taarifa 58 zinakamilika kabla chai haijapoa. Nafungua tatu au nne, natazama nembo na kingo za mstari wa bluu, basi. Barua chache zinazohitaji saini ya kidijitali ya mkurugenzi zinapita hapa kwanza ndipo zinakwenda kwake, kwa sababu ukilaza karatasi chini ya faili lililokwisha kusainiwa, faili limebadilika na saini haithibitiki tena.